Usianze na safu ya wanawake na wanaume

"Nachunguza lugha na jinsia, nimerekodi mazungumzo ya wauza viazi soko la Mwanjelwa, Mbeya. Akina mama wengine wanaamuru kuliko wanaume. Nadharia ya tofauti, kwamba wanawake na wanaume hukua na namna mbili za kusema, wala ya utawala, kwamba wanaume hutawala mazungumzo, hainitoshi. Nifanyeje?"

Dada, anza na jumuiya ya utendaji, kama wanaisimu Eckert na McConnell-Ginet walivyoshauri mwaka 1992: watu wenye shughuli moja, waliojijengea namna yao ya kusema. Mfuate mama mmoja. Kwa wachukuzi anasema "Shusha hapa!", jioni kwenye kikoba, "Naomba nichangie." Ni yuleyule, na uanamke wake anautenda upya kila mahali.

Kisha mlinganishe mkongwe na mgeni wa soko. Mgeni akizoea kuamuru, amejifunza namna ya kusema ya kundi. Ila sikiliza pia nani anaambiwa "mkali" kwa amri ileile. Hapo ndipo mamlaka yanapoonekana, usiyaache.