Ukipandishwa cheo juu ya wenzako, anza na rosta

Anayepandishwa cheo akawa msimamizi wa wenzake wa jana huhangaika sana na mwenendo: acheke nao kiasi gani, akae wapi saa ya chai, aitwe kwa jina lake au aitwe bosi. Kwa niliyoyaona katika depo ya makontena huku Changamwe, ambako nilitolewa kwenye ukarani wa kuhesabu mizigo nikakabidhiwa zamu nzima, hayo ni madogo na hujitengeneza yenyewe. Kinachovunja urafiki ni rosta, ile karatasi inayoamua nani ataitwa kazini Jumapili, nani atakuwa nyumbani siku ya Idd, na nani atabaki usiku malori yanapochelewa kutoka bandarini.

Rosta ni pesa, na wenzako wanalijua hilo hata kama halisemwi. Kwa amri ya jumla ya mishahara nchini Kenya, wiki ya kazi ni ya saa 52 kwa siku sita. Ovataimu ya siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, na ya siku ya mapumziko au ya sikukuu hulipwa maradufu. Thamani ya saa moja hupatikana kwa kugawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225, ingawa penye makubaliano ya chama cha wafanyakazi viwango vyaweza kuwa bora zaidi. Tuchukue karani mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 27,000. Saa yake ni shilingi 120, na ikiwa Jumapili ndiyo siku yake ya mapumziko, saa hiyo huwa 240, kwa hiyo zamu ya saa nane humpa 1,920. Jumapili mbili kwa mwezi ni 3,840, na kwa mpangaji wa Mikindani au Magongo hicho si kiasi cha kudharauliwa. Basi ukimwandika rafiki yako Jumapili hizo kila mwezi kwa sababu ndiye anayekujia akilini kwanza, usistaajabu wengine wakihesabu kwa vidole na kukuona umemgawia fungu lao.

Ndiyo maana nashauri mpaka wa kwanza uwekwe kwenye karatasi kabla ya ombi la kwanza kuja. Sisi tulipanga majina kwa mfuatano mmoja, wa juu akaitwa kwanza, na aliyekwisha kuitwa akashuka chini, awe amekubali au amekataa. Mtu aliruhusiwa kubadilishana zamu na mwenzake, mradi wote wawili watie sahihi siku moja kabla. Karatasi ilibandikwa kando ya rejista ya mahudhurio, mahali ambapo kila mtu lazima apite. Sikukuu zilitaka uangalifu zaidi, kwani Idd hufuata kuandama kwa mwezi na huwezi kuitaja tarehe moja ukaishikilia. Tuliandika tarehe mbili, na aliyepangwa kazini Idd-ul-Fitri akahesabiwa wa kwanza kupumzika Idd-ul-Hajj. Kwa Wakristo tuliziweka Krismasi na Pasaka kwa mtindo huo huo. Manufaa ya utaratibu huu ni kwamba rafiki akija kukuomba, hukatai wewe. Mnaangalia pamoja orodha inasemaje. Lakini orodha haitakusaidia ikiwa wewe mwenyewe utaipindua mara moja tu, hata kwa sababu nzuri, bila kuitangaza sababu hiyo kwa wote.

Kabla ya kubandika chochote, zungumza na marafiki wa karibu mmoja mmoja, na usiwakusanye, kwa maana mbele ya wenzake mtu hulazimika kutania au kujitutumua. Mimi nilimwambia mmoja wao hivi: "Ndugu yangu, hitma na harusi tutaendelea kualikana kama kawaida. Ila zamu, ofu na rejista usiniombe pembeni, maana nikikupa wewe nitawanyima wengine, na nikikunyima utaona nimekugeuka." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hata dharura ya mtoto mgonjwa ingekataliwa. Lilikuwa swali la haki, na jibu lake ni kwamba dharura ina mlango wake, ambao uko wazi kwa kila mtu: anapiga simu kabla ya zamu kuanza, ninamwita aliye juu kwenye orodha, na aliyepatwa na dharura anailipa zamu hiyo baadaye.

Mtihani mgumu zaidi hutoka kwenye rejista. Rafiki anayevuka feri ya Likoni amekwama upande wa pili, anakupigia simu umwandikie kwamba amefika saa moja kamili, jambo ambalo mlipokuwa makarani pengine mlifanyiana bila kufikiri. Sasa sahihi yako ndiyo inayothibitisha mshahara, na kuandika saa ya uongo ni kosa linaloweza kuwafukuzisha kazi nyote wawili. Andika saa aliyofika kweli, na kando ya saa hiyo uandike sababu aliyoitoa. Ukitaka kumsaidia, msaidie mahali palipo halali: mwombe meneja zamu yake isogezwe nusu saa, aingie na kutoka baadaye, na nafasi hiyo uwape pia wengine wanaovuka.

Akirudia kuchelewa, mwite peke yake siku hiyo hiyo, mtajie tarehe na saa, na msikilize. Ikifikia hatua ambayo kazi yenyewe iko hatarini, haimo tena mikononi mwa urafiki: kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama amchaguaye, na asikilizwe kabla ya uamuzi.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halizungumzwi sana, nalo ni kuwakaza marafiki kuliko wengine ili uonekane mwadilifu. Njia ya kulitambua ni kuzitazama barua za onyo za miezi michache na kujiuliza kama mgeni aliyefanya jambo lile lile aliandikiwa. Dalili nyingine ni rafiki aliyeacha kukuomba hata anachostahili, au anayekuruka na kupeleka mambo kwa meneja.

Kwa mzee aliyenifundisha kazi, mpaka ulihitaji adabu zaidi kuliko karatasi. Niliendelea kumwamkia mimi kwanza, na kila badiliko lililogusa kazi yake nilimweleza faraghani kabla ya kulitangaza, nikianza kwa kuuliza, "Mzee, wewe ungelipangaje hili?" Mara nyingi alinipa jibu bora kuliko langu. Lilipotofautiana na agizo la ofisi nilimwambia waziwazi kwamba agizo ndilo litakalofuatwa, na sikulijadili tena mbele ya vijana.

Kuhusu fedha siwezi kulainisha maneno. Kama mna chama cha kuzungushiana pesa, baki mwanachama ukitaka, lakini uweka hazina mkabidhi mwingine, na usimkopeshe wala usimkope mtu ambaye unamwidhinishia ovataimu. Mkopo wa shilingi elfu mbili hugeuza kila Jumapili yake kuwa swali. Na likija lalamiko zito dhidi ya rafiki yako wa karibu, kama wizi au matusi, mwandikie meneja siku hiyo kwamba mna uhusiano, na uombe msimamizi wa zamu nyingine alichunguze. Utatoa ushahidi wa ulichokiona tu, na rafiki yako umwambie wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine, nani atakayemwita na kwa nini si wewe.