Ngazi inapogonga putre: jinsi msanifu anavyosoma ramani za betoni

Ramani za injinia zikifika, kosa la kwanza hutokea kabla hata namba moja haijasomwa. Msanifu huchukua karatasi iliyoandikwa PH RDC, anaona ni dale, yaani sakafu ya betoni, ya etaji ya kwanza, kisha anailaza juu ya ramani yake ya etaji ya kwanza. Kila kitu kinaonekana kukaa sawa. Lakini PH RDC ni plancher haut du rez-de-chaussée, yaani dari la chumba cha chini. Putre, yaani boriti za betoni, zilizochorwa pale zinaning'inia juu ya vichwa vya watu wa chini, na nguzo zilizotiwa rangi nzito ni zile zinazotoka chini kuja kuibeba dale hiyo. Kwa hiyo karatasi hiyo moja inalinganishwa mara mbili: na ramani ya chini, ili kuona putre na nguzo zinapita juu ya nini, halafu na ramani ya juu, ili kuona matundu, mashimo ya mabomba, sehemu zilizoshushwa na kuta zinazosimama juu ya dale.

Ulinganifu unaanza na mihimili, yaani zile mistari za A, B, C na 1, 2, 3. Kwenye AutoCAD unaiita ramani ya injinia kwa `XREF`, unaishika kwenye makutano ya A na 1, kisha unahakikisha kwa makutano ya mbali zaidi, tuseme D na 4. Kama A-1 imekaa na D-4 imepishana hata kwa sentimita 5, usiendelee. Mmoja wenu alibadilisha kipimo na hakumwambia mwenzake. Umeme ukikosekana, karatasi mbili za 1/50 zilizobandikwa kwenye kioo cha dirisha mchana zinafanya kazi ileile. Ila usipime kwa rula kwenye karatasi iliyochapwa. Soma namba iliyoandikwa, na kama haipo, iombe.

Sasa tuchukue nyumba ya etaji moja kwenye mteremko wa Bukavu, mahali ambapo kiwanja ni chembamba na ngazi imebanwa katikati ya nyumba. Kutoka karo ya chini hadi karo ya juu ni mita 3.00. Ngazi imenyooka, ina miinuko 17, kila mmoja sentimita 17.65, na kila kikanyagio kina upana wa sentimita 28. Kwenye mchoro wako wa mkato umechora dale ya sentimita 15, na tundu la ngazi linaanzia juu ya kikanyagio cha nne. Ulihesabu hivi: karo ya juu ipo +3.00, karo na tabaka la simenti chini yake vinakula sentimita 6, kwa hiyo uso wa betoni upo +2.94. Toa 15 za dale na 1.5 za plasta, unapata takriban +2.77. Kikanyagio cha nne kipo +0.71. Mtu anabaki na mita 2.06 hivi juu ya kichwa. Si nyingi, lakini anapita.

Injinia naye ameweka putre kwenye ukingo wa tundu, na pembeni yake ameandika Po 4 (20x50). Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni urefu wa kwenda chini. Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba 50 hiyo kwa kawaida inahesabiwa toka uso wa juu wa dale. Unene wa dale umo ndani yake. Kinachoonekana chini ya dari, ile retombe, ni 50 kutoa 15, yaani sentimita 35. Anayesahau hilo anaishusha putre kwa 65 na kupiga kelele bure. Hata hivyo wako wachoraji wanaoandika retombe peke yake, kwa hiyo usiamini maandishi ya kwenye ramani kabla ya kuangalia mkato wa putre yenyewe.

Rudia hesabu ukiwa na putre. +2.94 kutoa 0.50 ni +2.44, plasta inakushusha hadi karibu +2.42. Toa 0.71 ya kikanyagio cha nne: imebaki mita 1.71. Hapo fundi akitoa mbao za kofraji ataita, "Shefu, hapa mtu atainama," na atakuwa amesema kweli. Mtu wa urefu wa kawaida atagonga paji la uso, na mwenye kubeba sanduku kichwani hapiti kabisa. Kwa ngazi ya nyumba mimi sikubali chini ya mita 2.

Angalia vizuri ukubwa wa tatizo, kwa sababu ndio unaoonyesha dawa. Retombe ni sentimita 35. Miinuko miwili ya ngazi ni sentimita 35.3. Maana yake ukisogeza ukingo wa tundu nyuma kwa vikanyagio viwili, yaani sentimita 56, putre inakaa juu ya kikanyagio cha pili na unarudi kwenye mita 2.06 uliyoitaka. Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini putre ile ilikuwa imelala kati ya nguzo mbili, na ukiisogeza 56 inaondoka juu ya nguzo na kuanza kukaa juu ya putre nyingine, ambayo sasa inahitaji kuhesabiwa upya. Pia umekata sentimita 56 za korido ya juu. Kwa hiyo hilo si jambo la msanifu kuamua peke yake na kalamu nyekundu.

Njia ya pili ni kuigeuza putre: zile 35 zipande juu ya dale badala ya kushuka chini. Katika ngazi iliyonyooka, ukingo huu ni wa upande wa mwanzo wa ngazi. Mtu anafikia juu kwenye ukingo wa mbali, hivyo hakuna anayevuka putre kwa miguu. Juu ya karo itaonekana sentimita 29 tu, na unaweza kuiingiza ndani ya kizuizi cha ukingo. Ila kumbuka mtoto atapanda juu yake kama benchi, kwa hiyo urefu wa kizuizi uhesabu kuanzia juu ya putre na si kuanzia kwenye karo. Injinia naye atabadilisha kadre, zile nondo nyembamba zinazozunguka nondo ndefu za putre, kwa sababu dale sasa inaning'inia chini ya putre badala ya kulala juu yake. Njia ya tatu ni putre pana na fupi kwenda chini, na inaongeza nondo nyingi. Mimi ningeuliza kwanza kuhusu ya kugeuza.

Kabla ya kuuliza, hakikisha kwamba putre ni 50 kweli. Ramani ya kofraji na ramani ya nondo mara nyingi hazichorwi siku moja, na moja ikirekebishwa nyingine inabaki nyuma. Kipimo cha kadre hakifichi kitu. Nondo hufunikwa na betoni, tuseme sentimita 2.5 kila upande, basi putre ya 20x50 inapaswa kuwa na kadre ya 15x45. Ukikuta kwenye jedwali la nondo Po 4 ina kadre ya 15x35, ujue aliyechora nondo alikuwa na putre ya 40 kichwani. Mkunja nondo atakunja kilichoandikwa kwenye jedwali lake, seremala atapiga kofraji ya 50, na kadre zitakuwa fupi kwa sentimita 10 ndani ya kisanduku. Nondo za chini zitaelea au za juu zitazama, na putre haitakuwa na nguvu iliyohesabiwa. Hilo linagunduliwa mezani kwa dakika mbili.

Kwenye nguzo, jedwali husema mengi lakini halisemi mambo mawili unayoyahitaji zaidi. Tuseme P3: chini ni 20x40 yenye 6HA14, yaani nondo sita za milimita 14, juu ni 20x30 yenye 6HA12. Halisemi ile 40 inaelekea upande gani. P3 moja inaweza kulala sambamba na mhimili wa A na nyingine ikasimama kukatiza. Alama ni ileile, mwelekeo upo kwenye ramani tu. Na halisemi sentimita 10 zilizopotea etaji ya juu zimetoka uso upi.

Hili la pili ndilo linalokula milango. Chukua P3 iliyo kwenye pembe ya nje, ile 40 ikiingia ndani kufuata ukuta. Juu umechora mlango wa sentimita 80 unaoanza sentimita 30 toka uso wa nje, kwa sababu umesoma 20x30. Kama injinia alishika uso wa nje, nguzo inaishia 30 na mlango unakaa. Kama alishika katikati, nguzo inaanza 5 na kuishia 35, mlango umepoteza sentimita 5. Kama alishika uso wa ndani, inaanza 10 na kuishia 40, umebaki na mlango wa 70, na huko nje kuna kidato cha sentimita 10 cha kuzibwa na tofali. Jibu unalipata kwa kuangalia nondo za kusubiria zinazotoka kwenye dale, zimechorwa zikiwa karibu na uso gani. Zisipochorwa, uliza na uandikiwe.

Jambo jingine kuhusu nguzo haliko kwenye ramani ya injinia kabisa, kwa sababu linatoka kwako. Ukijaza tofali kati ya nguzo mbili hadi usawa wa dirisha refu jembamba la juu, nguzo inabaki na kipande kifupi tu cha kujipinda, na tetemeko linaibana hapo. Bukavu ilitikiswa na tetemeko la 5.9 tarehe 3 Februari 2008, kwa hiyo si habari ya mbali. Mpelekee injinia michoro yako ya nyuso za nyumba, si ramani za sakafu pekee.

Kwenye dale, mahali pa kusimama na kuangalia vizuri ni balkoni. Wewe unataka ishuke sentimita 5 chini ya chumba ili mvua isiingie ndani, na mvua ya Bukavu inajulikana. Injinia ameichora usawa mmoja na dale ya ndani. Nondo zinazoishika balkoni zipo juu, zinatoka ndani ya chumba zikiwa zimenyooka hadi ukingoni. Ukiishusha balkoni siku ya kumwaga, nondo zile zinabaki bila betoni ya kutosha juu yake, au fundi anazikandamiza chini, na balkoni inakuwa imeshikwa na nondo zilizozama mahali zisipofaa. Dalili hutokea baadaye: ufa mmoja mrefu kwenye karo, sambamba na kizingiti cha mlango. Mshuko huo uandike kwenye ramani yako kwa namba mbili, +3.00 ndani na +2.95 nje, kabla injinia hajachora nondo hata moja.

Na unapomwandikia, mpe mahali, alama na namba zinazogombana. Kwa mfano: "Mhimili B kati ya 2 na 3, Po 4. Kofraji inasema 20x50, kadre inasema 15x35. Ikiwa ni 50, juu ya kikanyagio cha nne inabaki 1.71. Naomba putre igeuzwe juu, au isogezwe 56 kuelekea mwanzo wa ngazi. Mkato umeambatanishwa." Ukiandika "naomba uangalie ngazi," utajibiwa kwamba ngazi imeangaliwa.