Maswali na Majibu: Tumbo Linauma, Lakini Ugonjwa Hauko Tumboni

Daktari, nina maumivu upande wa kulia, chini kidogo ya kitovu, mwaka na nusu sasa. Ultrasaundi mbili safi, endoskopi safi, dawa za vidonda nimemaliza dozi tatu. Kidole tumbo kilitolewa, maumivu yakabaki palepale. Nikikohoa au nikiinuka kitandani panachoma kama kisu. Ni nini hiki?

Maneno yako mawili yana uzito kuliko vipimo vyote ulivyofanyiwa: "palepale" na "nikiinuka". Utumbo ukiuma, mgonjwa husugua tumbo kwa kiganja kizima, maana hawezi kutaja sehemu moja. Anayeonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, siku zote mahali pale pale, na ambaye maumivu yake yanafuata mwendo wa mwili badala ya chakula au choo, anatakiwa kuchunguzwa ukuta wa tumbo kabla ya kitu kingine chochote.

Ndani ya ukuta huo zinapita neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo wa kifuani, ya 7 hadi ya 12. Zinasafiri katikati ya tabaka za misuli ya ubavuni hadi zifike kwenye msuli mrefu wa mbele, ule unaoshuka kutoka mbavuni hadi kwenye kinena. Hapo kila tawi linakata kona kali na kutokeza mbele kwenye ngozi kupitia tundu dogo lenye ukingo mgumu. Neva ikivutwa au kubanwa kwenye tundu hilo, panauma sehemu ndogo, mara nyingi isiyozidi sentimita 2, ukingoni mwa msuli huo. Kila unapokaza tumbo, msuli unaibana zaidi. Neva ya 10 inahudumia usawa wa kitovu, na ya 11 iko chini yake kidogo. Upande wa kulia eneo hilo linapakana na la kidole tumbo, ndiyo maana wengi hufanyiwa upasuaji ambao haukuhitajika. Na kovu la upasuaji lenyewe laweza kunasa neva nyingine.

Ultrasaundi na endoskopi hazikukosea. Ziliangalia ndani, na ndani hakuna kitu. Neva iliyobanwa haionekani humo. Omba daktari akupime kwa mkono namna ninavyoeleza hapa chini, na usikubali ultrasaundi ya tatu kabla ya hapo.

Hicho kipimo cha kukaza tumbo kinafanywaje? Mimi ni mwuguzi, nimekisikia tu.

Kilielezwa mwaka 1926 na John Carnett, daktari wa upasuaji wa Marekani. Hakigharimu kitu, na inasikitisha kwamba wagonjwa wengi huvuliwa shati, wakabonyezwa kwa haraka, kisha wakaandikiwa picha bila kufanyiwa.

Mgonjwa alale chali, misuli imelegea. Mwambie aonyeshe panapouma kwa kidole kimoja, kisha weka ncha ya kidole chako hapo na ubonyeze hadi aseme ndipo penyewe. Usiinue kidole. Sasa akunje mikono kifuani na anyanyue kichwa na mabega juu ya kitanda bila kujisukuma kwa mikono, huku wewe ukiendelea kubonyeza kwa nguvu ile ile. Kama shingo inamsumbua, anyanyue miguu yote miwili ikiwa imenyooka. Muulize: yamezidi, yamebaki vile vile au yamepungua?

Misuli ikikazwa inakuwa ngao, kidole hakifiki tena kwenye viungo vya ndani. Kwa hiyo maumivu ya ndani hupungua. Ya ukutani hubaki au huzidi, kwa sababu mahali penyewe pamebanwa kati ya kidole na msuli uliokaza.

Makosa ni yale yale kila siku: kubonyeza kwa kiganja, kidole kuteleza mgonjwa anaponyanyuka, au kumpima aliyekwisha kukaza tumbo kwa woga. Baada ya hapo finya ngozi na mafuta yake, bila msuli, kwa kidole gumba na cha shahada, halafu finya upande wa pili usawa ule ule. Gusa pia kwa pamba yenye spiriti. Kama upande mmoja kufinywa kidogo tu kunauma mno, au ubaridi unahisiwa tofauti, ushahidi wa neva umeongezeka.

Tumbo linaniuma, nitumie dawa gani?

Sijui, na hakuna anayeweza kujua kwa sentensi hiyo. Ukiandika tena, taja linauma wapi, tangu lini, na kitu gani kinazidisha au kupunguza.

Kipimo kilionyesha ni ukuta wa tumbo. Basi niache kuhofia vya ndani?

Hapana. Kidole tumbo kikishavimba hadi kikagusa utando unaofunika ukuta kwa ndani, kukaza tumbo kutauma pia, na hapo kipimo kinadanganya. Kwa hiyo kinafaa kwa maumivu ya muda mrefu, kwa mtu asiye na homa, asiyetapika na asiyepungua uzito. Ukiwa na mojawapo ya hayo, au damu kwenye choo, macho ya njano, au maumivu mapya yanayozidi saa kwa saa, nenda hospitali. Mjamzito asijipime na kujituliza mwenyewe.

Hata ukutani si kila kitu ni neva. Uvimbe unaotokeza ukikohoa ni ngiri hadi ithibitike vinginevyo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akipata maumivu makali ya ghafla na uvimbe baada ya kukohoa sana, huenda damu imevujia ndani ya msuli, na hiyo ni dharura. Mkanda wa jeshi nao huunguza siku kadhaa kabla ya vipele kutokea, kwa hiyo angalia ngozi kila siku wiki ya kwanza.

Dawa za vidonda zinaweza kusaidia maumivu ya aina hii?

Haziwezi.

Daktari anataka kunichoma sindano ya ganzi hapo panapouma. Ni tiba au ananituliza tu?

Ni vyote viwili, na pia ni kipimo. Huchomwa lignokaini ya asilimia 1, kwa kawaida mililita 5 hadi 10, mahali pale pale kidole kilipoonyesha, ncha ikifika chini ya utando wa mbele wa msuli. Sindano inayoishia kwenye mafuta chini ya ngozi inaweza isifanye kitu, kisha mgonjwa akaambiwa eti utambuzi ulikuwa na makosa. Kabla ya kuchomwa toa alama ya maumivu kati ya 0 na 10 huku ukikaza tumbo, na rudia baada ya dakika 15. Yakipungua kwa nusu au zaidi, neva imetambuliwa.

Nafuu ikiisha ganzi inapokwisha, usikate tamaa: wengine hupona baada ya sindano moja, wengine huhitaji kurudiwa mara kadhaa. Kuongeza steroidi hakujathibitika kuwa bora kuliko ganzi peke yake, kwa hiyo uliza sababu ukiambiwa ni lazima. Maumivu yakirudi kila mara, daktari wa upasuaji anaweza kukata tawi hilo dogo la neva. Sehemu ndogo ya ngozi itabaki na ganzi, nawe ukubaliane na hilo kabla.

Nifanye mazoezi ya kunyanyuka kwa tumbo ili misuli iimarike?

Acha kwa sasa, ndiyo yanayobana neva. Ukiinuka kitandani geuka ubavu kwanza, ujisukume kwa mkono, na legeza mkanda au nguo yoyote inayokaza hapo.