Kusoma skeli ya kijivu: 4 au 2?

"Kitambaa changu chekundu hakijapauka baada ya kufuliwa, ila pamba nyeupe niliyokishonea imekuwa pinki. Niandike 4 au 2?"

Andika zote mbili, maana hapo una skeli mbili za kijivu, kadi za kulinganishia zenye jozi za vipande kuanzia 1, tofauti kubwa, hadi 5, hakuna tofauti. Ya kubadilika rangi ina jozi za kijivu na kijivu. Ya kuchafua ina nyeupe na kijivu. Wengi hushika moja wakapimia kila kitu.

Chekundu kiweke ubavuni mwa kipande ambacho hakikufuliwa, nyuzi zielekee upande mmoja, vyote vikiwa vimekauka na kupoa. Usijiulize rangi gani, jiulize tofauti ina ukubwa wa jozi ipi. Pamba nayo ilinganishe na pamba safi. Mimi nilipata 4-5 kwa chekundu na 2-3 kwa pamba. Nusu daraja inaruhusiwa. Wawili wakitofautiana kwa nusu, huo ni ubishi wa kawaida.

Mwenzetu aliyesema kwa kupauka juani pia daraja la mwisho ni 5 amepatia nusu: skeli ya kijivu huonyesha kitambaa kimepauka kiasi gani, lakini daraja la kustahimili mwanga husomwa kwa vipande vya kulinganishia vya sufu ya bluu, 1 hadi 8, vilivyoanikwa pamoja na kitambaa.