Tiketi ya kurudi kwa kaunta

"Naenda Manila kutoka Kisumu, mbona ndege wanadai tiketi ya kurudi na mimi sijui nitarudi lini?"

Kuna mtu amekujibu eti wanataka tu kukuuzia tiketi ya pili, hapana bana. Ufilipino inakuruhusu siku 30 bila viza lakini lazima uwe na tiketi ya kutoka, na ukikataliwa kule, ndege iliyokubeba ndiyo inakurudisha kwa gharama yake na inaweza kupigwa faini, ndio maana yule dada wa kaunta anaangalia Timatic, ule mfumo wa kompyuta unaoonyesha masharti ya kuingia kila nchi, kabla akupe boarding pasi. Si lazima iwe ya kurudi Kenya. Ukifika tarehe 3 Machi, ya Manila-Singapore ya tarehe 28 inatosha, ila hakikisha huko pia unaingia, la sivyo watakuuliza viza ya huko. Na usibebe buking ambayo hujalipia, binamu yangu alifanya hivyo, wakaweka zile herufi sita za buking kwa kompyuta ikaonyesha imefutwa, akanunua ingine hapo hapo laini ikimngoja. Wewe nunua ya kurudishiwa pesa, lakini soma masharti, zingine wanarudisha kidogo sana.