Tarehe ya ukurasa si tarehe ya karo iliyoandikwa ndani yake

*"Ukurasa wa karo wa chuo hauna tarehe popote, juu wala chini. Nitajuaje ulibadilishwa lini kwa kweli, kabla sijatuma pesa?"*

Mimi nina saiba hapa Kisumu, upande wa Kondele, na swali hili lilishaniuma. Mtoto wa kaka yangu alipoitwa chuo, mimi ndiye niliyemsomea kaka karo kwenye tovuti: 28,500 kwa muhula. Kaka akauza ndama, akaja na pesa kamili. Tulipofika kwa karani tukaambiwa ni 34,200. Tulipungukiwa na 5,700, na kijana akarudi nyumbani wiki nzima huku baba yake akikopa. Takwimu niliyosoma ilikuwa ya zamani na hakuna kilichonionyesha hivyo. Tangu siku hiyo sichapi ukurasa wa karo kabla sijaukagua.

Kwanza usiuamini mwaka ulioandikwa chini kabisa pamoja na alama ya hakimiliki. Tovuti nyingi huweka mwaka huo zenyewe kila Januari, bila mtu kugusa chochote.

Watu wengi watakuambia ubonyeze F12, uende sehemu ya Console, uandike hivi:

```
document.lastModified
```

Ni sawa, lakini ijue tabia yake. Seva ikiwa haijatuma tarehe, kivinjari hukupa saa ya sasa hivi. Kwa hiyo fungua ukurasa upya baada ya dakika mbili, uandike tena. Saa ikisogea pamoja na saa ya ukutani, hujaambiwa kitu. Ikibaki palepale, huenda ni tarehe ya faili lenyewe, ingawa tovuti zinazohifadhi nakala ya muda ya kurasa zake zinaweza kukupa saa nakala hiyo ilipotengenezwa, labda alfajiri ya leo. Tena mwezi hutangulia: 03/07/2024 hapo ni tarehe 7 Machi, si 3 Julai kama tunavyosoma sisi.

Sasa nikueleze kazi moja nilivyoifanya mwanzo hadi mwisho, maana ndiyo itakayokusaidia. Januari 2025 alikuja mama mmoja kutoka Ahero na anwani ya ukurasa wa karo kwenye simu. Akaniambia, "Mwanangu, nichapie hii niende benki." Nikamwomba akae kidogo.

Console ilinipa saa ya ukutani, kwa hiyo nikaiacha. Nikabonyeza Ctrl+U kuona msimbo wa ukurasa, kisha Ctrl+F nikatafuta neno `modified`. Kwenye simu ya Android unaweza kuandika `view-source:` mbele ya anwani katika Chrome. Nikakuta hivi:

```
<meta property="article:modified_time"
 content="2024-08-19T11:07:32+00:00" />
```

Hiyo `+00:00` ni saa ya Greenwich, ongeza saa tatu upate yetu: saa nane na dakika saba mchana, tarehe 19 Agosti 2024. Ndani ya msimbo huohuo mlikuwa na neno `wp-content`, dalili kwamba tovuti inaendeshwa na WordPress, programu ya kujengea tovuti. Basi nikaiuliza WordPress yenyewe, nikiweka jina la ukurasa kama linavyoonekana mwishoni mwa anwani yake (hapa nimebadilisha jina la tovuti):

```
https://example.com/wp-json/wp/v2/pages?slug=fees&_fields=date,modified
```

Ikajibu kwamba ukurasa ulichapishwa Oktoba 2019 na kubadilishwa mara ya mwisho 19 Agosti 2024. Tovuti nyingine hufunga mlango huo ukapewa kosa. Hapo unabaki na ulichokiona kwenye msimbo.

Mama akafurahi, miezi mitano tu si mbali. Ila hapa ndipo mimi niliwahi kuumia. Tarehe hiyo inasema mtu alihifadhi ukurasa siku ile, haisemi alibadilisha nini. Akirekebisha herufi moja, tarehe nzima inasogea. Mama hakuwa na haja ya tarehe ya ukurasa, alikuwa na haja ya tarehe ya ile namba ya karo.

Nikaenda web.archive.org, hifadhi ambayo imekuwa ikipiga nakala za kurasa za mtandao, nikabandika anwani. Inaleta kalenda, na siku zenye nakala zina duara. Palikuwa na nakala ya Juni 2024 na nyingine ya Novemba 2024, yaani moja kabla ya lile badiliko la Agosti na moja baada yake. Juu ya kalenda kuna sehemu inaitwa Changes. Unachagua nakala mbili, inaziweka bega kwa bega: kilichoondolewa kinapakwa manjano, kilichoongezwa kinapakwa buluu. Jedwali lote la karo halikuwa na rangi hata moja. Rangi zilikuwa mahali pawili tu: namba ya simu ya ofisi, na namba ya kulipia kwa M-Pesa.

Nikaanza kurudi nyuma. Nakala za 2023, karo ileile. Mei 2022, ileile. Septemba 2021, karo ilikuwa nyingine, ya chini zaidi. Basi namba aliyoishika mama iliandikwa kati ya Septemba 2021 na Mei 2022. Hifadhi haiwezi kukupa siku yenyewe, inakupa ukuta wa huku na ukuta wa kule, na kwa karo hiyo inatosha. Ukitaka kuhakikisha siku ya nakala, soma tarakimu 14 zilizo katikati ya anwani yake: mwaka, mwezi, siku, kisha saa, dakika na sekunde, nazo pia ni za Greenwich.

Angalia jambo moja. Jedwali likionekana tupu katika nakala ya zamani, usidhani halikuwepo. Mara nyingi lilikuwa likiletwa na programu inayofanya kazi baada ya ukurasa kufunguka, na hifadhi haikulinasa. Na kama karo imewekwa kama picha, bofya picha kwa kitufe cha kulia uifungue peke yake, usome anwani. WordPress kwa kawaida hupanga picha kwa mwaka na mwezi zilipopakiwa, kwa hiyo ukiona `/wp-content/uploads/2021/11/` umeshajua picha ilipakiwa Novemba 2021, hata kama ukurasa unaoizunguka ulihifadhiwa jana.

Usipopata nakala yoyote, ongeza `/robots.txt` baada ya jina la tovuti. Mara nyingi humo mna anwani ya ramani ya tovuti, na ndani yake kila ukurasa unaweza kuwa na `lastmod`, yaani tarehe ya badiliko la mwisho. Kurasa zote zikiwa na tarehe moja, hiyo ni siku ramani ilipotengenezwa, iache.

Nilimpigia karani simu mama akiwa amekaa pale kando yangu. Sikuuliza "Karo ni ngapi?", kwa sababu ukiuliza hivyo unaweza kuambiwa uangalie kwenye tovuti. Nikamwambia, "Dada, karo iliyo kwenye ukurasa wenu haijabadilika tangu Mei 2022. Bado ndiyo mnayotoza muhula huu?" Akanyamaza kidogo, akasema nisubiri. Aliporudi alinisomea karo mpya, mstari kwa mstari, nami nikaiandika kwenye karatasi ya mama.