Masahihisho ya msimamizi kwenye Word: kuyaficha na kuyaamua ni vitu viwili

> Wakuu, msimamizi wangu amenirudishia sura ya tatu ya tasnifu imejaa maandishi mekundu, mengine yamekatwa kwa mstari, na pembeni kuna visanduku vya maoni. Word yangu ni ya Kiingereza na maneno ya pale juu siyaelewi vizuri. Nilichagua No Markup kila kitu kikawa safi, nikaendelea kurekebisha, nikamtumia. Kanijibu, "Mbona hujagusa masahihisho yangu?" Nimekosea wapi?

Mdogo wangu, `No Markup` haifuti chochote. Inakuonyesha tu jinsi ukurasa utakavyokuwa endapo masahihisho yote yatakubaliwa, lakini ndani ya faili kila neno lililokatwa bado lipo na kila lililoongezwa bado linasubiri uamuzi. Mwalimu wako alipofungua faili, alama zake zote zilimtokea kama alivyoziacha. Kazi yangu ni kuhariri maandiko ya wanafunzi, na swali hili hunifikia kila msimu wa kukabidhi tasnifu, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Fungua kichupo cha `Review`. Vitufe ni vingi, ila kwa sasa shika makundi mawili tu na ujue tofauti yake. Kuna kisanduku chenye orodha ya `Simple Markup`, `All Markup`, `No Markup` na `Original`. Hicho ni cha kutazamia: ukibadilisha humo, unabadilisha unachokiona, basi. Pembeni yake kuna `Accept` na `Reject`. Hivyo ndivyo vya kuamulia: cha kwanza kinakubali sahihisho, cha pili kinalikataa na kurudisha maneno yako ya awali. Sahihisho haliondoki kwenye faili mpaka mojawapo ya vitufe hivyo viwili kibofywe. Hata kuzima `Track Changes` hakusaidii. Kitufe hicho kinaamua tu kama utakachoandika kuanzia sasa kitawekewa alama au la. Yaliyokwisha kuwekewa alama yanabaki nazo.

Sasa fanya hivi. Hifadhi nakala ya faili la mwalimu kwa jina jingine, la asili uliache bila kuguswa. Kwenye nakala chagua `All Markup`. Usitumie `Simple Markup`, ambayo huonyesha mstari mdogo tu pambizoni kuashiria kwamba hapo pana badiliko, bila kukwambia ni badiliko gani. Ukiwa kwenye `All Markup`, maneno yaliyopigiwa mstari chini yameongezwa, na yaliyokatwa kwa mstari katikati yamefutwa. Rangi usiitegemee sana. Mara nyingi Word yenyewe hugawa rangi kwa kila mhariri, na inaweza kukupa wewe nyekundu na mwalimu bluu, kisha kwenye kompyuta yake ikawa kinyume. Weka kishale cha kipanya juu ya badiliko na usubiri kidogo: itatokea jina la aliyelifanya na tarehe. Jina ndilo la kuaminiwa.

Kabla hujakubali lolote, soma maoni yote ya pembeni toka mwanzo hadi mwisho. Hili nalisisitiza kwa sababu maalumu. Kila maoni yamefungwa kwenye maneno fulani ya matini. Mwalimu akiwa amefuta sentensi nzima na kueleza sababu pembeni, ukikubali kufutwa kwa ile sentensi, maelezo yake huondoka pamoja nayo. Utabaki na pengo na usijue kwa nini aliitoa.

Tuchukue mfano. Tuseme uliandika hivi:

> Data zilikusanywa kwa watafitiwa 40 waliochaguliwa bila mpangilio.

Mwalimu amekata 40 akaandika 42, amekata "bila mpangilio" akaandika "kwa usampulishaji nasibu", kisha pembeni, kwenye ile namba, ameweka maoni: "Jedwali la 3 lina watu 42. Hakiki." Kwenye `All Markup` utaona 40 iliyokatwa imegandana na 42 iliyopigiwa mstari.

Hapa ndipo wengi wanapotatizika. Kwa macho yako ni badiliko moja, 40 kuwa 42. Kwa Word ni mabadiliko mawili: kufutwa kwa 40, na kuongezwa kwa 42. Ukibofya `Accept` mara moja, unakubali la kwanza tu, na kishale kinahamia la pili. Sasa ukikataa kufutwa halafu ukakubali kuongezwa, sentensi yako itasoma "watafitiwa 4042". Ukifanya kinyume, yaani ukubali kufutwa na ukatae kuongezwa, namba inapotea kabisa na unabaki na "watafitiwa waliochaguliwa". Nimekutana na vyote viwili kwenye kazi zilizokuwa tayari kwenda kuchapwa. Dalili nyingine za kosa hilohilo ni maneno mawili yaliyoshikana bila nafasi, au neno moja lililojirudia kwa tahajia mbili. Ukiona hivyo, ujue hapo kuna badiliko lililokubaliwa nusu.

Dawa yake ni rahisi: buruta kipanya uchague vyote viwili, kilichokatwa na kilichoongezwa, ndipo ubofye `Accept` au `Reject`. Vitaamuliwa kwa pamoja. Ukikosea, `Ctrl+Z` inarudisha maadamu hujafunga faili.

Turudi kwenye sentensi yetu. "Kwa usampulishaji nasibu" likubali ikiwa kweli uliwapata watafitiwa kwa bahati nasibu yenye utaratibu. Kama uliwahoji waliojitokeza tu, hilo neno si lako hata kama mwalimu ndiye aliyeliandika. Likatae, kisha umweleze kwenye maoni. Namba nayo usiikubali kwa sababu tu imeandikwa na mkubwa. Mwalimu mwenyewe kasema hakiki. Fungua hojaji zako uhesabu. Ikiwa waliojibu ni 40 na jedwali ndilo lenye kosa, kataa badiliko lake, rekebisha jedwali, halafu umjibu.

Kujibu ni hivi. Bofya maoni yake, andika kwenye sehemu ya `Reply`: "Nimehesabu hojaji upya, ni 40. Nimesahihisha Jedwali la 3." Kwenye Word za karibuni, ukishaandika ni lazima ubofye alama ya mshale wa kutuma au ubonyeze `Ctrl+Enter`, la sivyo jibu linabaki rasimu na mwenzako hataliona.

Utaona pia `Resolve`. Hiyo inamaanisha suala limekwisha, na maoni yatafifia au yatatoka pembeni, ila yangali ndani ya faili na yanaweza kufunguliwa tena. Kwa mwanafunzi na msimamizi, ushauri wangu ni kwamba wewe ujibu, na `Resolve` umwachie yeye. Aliyeuliza ndiye anayejua kama ameridhika. Ukimfungia swali lake kabla hajasoma jibu, anafungua faili na kuona pembeni peupe, na hapo ndipo anaposema hujagusa kitu.

Wakati wa kujibu na kurekebisha, hakikisha `Track Changes` imewashwa, ili mwalimu aone ulichobadilisha bila kusoma sura nzima upya. Kitufe kikiwa kimekolea rangi, kimewaka. Hakikisha pia jina linalotokea ni lako. Ukitumia kompyuta ya kuazima, mabadiliko yako yatasomeka kwa jina la mwenye kompyuta. Ingia `File`, `Options`, `General`, ubadilishe `User name`. Kama umeingia kwa akaunti, weka tiki kwenye `Always use these values regardless of sign in to Office`. Mabadiliko yaliyokwisha kufanywa yatabaki na jina la zamani, kwa hiyo lifanye hili kwanza.

Kuna usumbufu mmoja utakaokuchosha: mwalimu akibadilisha nafasi kati ya mistari au aina ya herufi, pambizo hujaa visanduku vinavyoanza na `Formatted`, na masahihisho ya maana yanazama humo. Usivipitie kimoja kimoja. Bofya `Show Markup`, ondoa tiki kwenye `Insertions and Deletions`, acha ya `Formatting`. Kisha bofya kishale kidogo cha chini ya `Accept`, chagua `Accept All Changes Shown`. Itakubali yanayoonekana tu, yaani ya muundo. Rudisha tiki, na sasa utabaki na maneno pekee. Usiichanganye na `Accept All Changes`, ambayo inakubali kila kitu, pamoja na ile 42 ambayo bado hujaihakiki.

Ukija kutaka nakala safi ya kukabidhi, kumbuka kwamba `Accept` na `Reject` hazifuti maoni, isipokuwa yale yaliyofungwa kwenye maneno yanayoondolewa. Yaliyobaki hufutwa kivyake: kwenye `Review`, kishale cha chini ya `Delete`, halafu `Delete All Comments in Document`. Ili kuthibitisha, weka tiki zote kwenye `Show Markup`, ufungue `Reviewing Pane`. Hesabu ya pale juu ikisoma sifuri, faili ni safi kweli. Ikisoma namba nyingine, orodha iliyo chini yake inakuonyesha kilichobaki, na ukibofya kimojawapo unapelekwa kilipo. Mara nyingi ni nafasi tupu au alama ya aya iliyofutwa, vitu ambavyo jicho haliviwezi.

Ikiwa `Accept` na `Reject` zimefifia na hazibofyeki, huenda mwalimu amefunga ufuatiliaji kwa `Lock Tracking`. Hapo muombe aifungue, hasa kama ameweka nywila.

Kuhusu faili ulilokwisha kumtumia: kama `Track Changes` ilikuwa imewaka ulipokuwa unarekebisha ukiwa kwenye `No Markup`, marekebisho yako yamo humo yakiwa na alama za jina lako, yamechanganyika na ya mwalimu. Rudi kwenye `All Markup` uendelee kuanzia hapo. Kama ilikuwa imezimwa, marekebisho yako hayana alama yoyote. Usiyatafute kwa macho. Bofya `Compare` kwenye `Review`, weka faili alilokurudishia kama `Original document` na lako kama `Revised document`. Word itakutahadharisha kwamba mafaili yana mabadiliko ambayo hayajaamuliwa na kwamba yatachukuliwa kana kwamba yamekubaliwa. Kubali, kwa kuwa hapo unachotafuta ni ulichoongeza wewe. Itafungua faili la tatu lenye tofauti zote zimewekewa alama. Liweke kando ya ile nakala yako ya `All Markup`, uyahamishie humo marekebisho yako moja baada ya jingine, `Track Changes` ikiwa imewaka.